Kabla ya kutuma profoma: panga majina ya PDF zako

Chukua ofisi ndogo ya mbao pale Mafinga. Asubuhi mteja wa Makambako anaomba bei, mchana gharama ya usafiri inapanda, jioni anaongeza idadi ya mbao. Profoma moja imeshazaa PDF tatu, na kwenye kompyuta zinasomeka `profoma mpya`, `profoma FINAL` na `profoma FINAL (1)`. Ikienda ya asubuhi, mteja atalipa bei ya asubuhi, na tofauti ya usafiri itabaki kwenu. Hiyo `(1)` nayo isikuhadae: mara nyingi kompyuta huiongeza yenyewe unapopakua tena faili ambalo jina lake tayari lipo. Haimaanishi ni toleo jipya.

Kwa hiyo, kabla ya kuandaa PDF yoyote, kubalianeni ofisi nzima jina liandikweje. Mimi napendekeza hivi:

```
PF045_Makambako_2025-03-12_v02.pdf
```

Namba ya profoma inatangulia ili matoleo yake yote yakae pamoja, na pia kwa sababu simu hukata majina marefu. Tarehe inaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Hapo mafaili yanajipanga kwa mfuatano. Usiandike 12/03/2025, maana Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili. Andika v02, siyo v2, kwa sababu baadhi ya programu zitaiweka v10 kabla ya v2. Neno FINAL liacheni kabisa. Mteja akibadili oda kesho, mtaandika nini?

Folda mbili zinatosha: `Rasimu` na `Zilizotumwa`. Faili la Word linabaki kwenye rasimu. PDF inaingia `Zilizotumwa` siku inapotumwa, na ikishaingia humo haiguswi tena. Hata kosa la herufi moja litengenezewe v03. Hapa mimi sina mjadala, kwa sababu mteja akipiga simu kuuliza bei, lazima wewe na yeye muwe mnatazama karatasi ile ile. Ndiyo maana namba ya toleo iandikwe pia chini ya ukurasa: faili likishachapwa, jina lake halionekani.

Kabla ya kubonyeza kutuma, fungua PDF yenyewe, usiamini jina peke yake. Linganisha namba, jina la mteja na jumla. Kisha ifungue kwenye Chrome, utazame maandishi ya juu kwenye kichupo. Ukikuta jina la mteja mwingine, ujue profoma ilinakiliwa kutoka ya zamani na kichwa chake kimebaki ndani. Kubadili jina la faili hakukiondoi. Rudi Word, nenda `File`, `Info`, rekebisha `Title`, kisha toa PDF upya.

Kama v02 ilishamfikia mteja, tuma v03 na ujumbe mfupi: "PF045 v03 inachukua nafasi ya v02. Tafadhali usilipe kwa v02."