Mmefungwa sita bila: namna ya kuzungumza na wachezaji kabla gari halijaondoka

Mwongozo huu ni kwa walimu wa timu za mtaa na za ligi ya wilaya au mkoa, zile ambazo benchi la ufundi ni watu wawili au watatu na chumba cha kubadilishia nguo mara nyingi ni kivuli cha mwembe. Tutachukua mfano mmoja na kwenda nao mpaka mwisho. Timu ya vijana wa Ujiji, wa miaka 17 hadi 22, imesafiri hadi Kasulu na kufungwa 6-0. Mabao yameingia dakika ya 18, 44, 51, 54, 58 na 83. Mechi ilianza saa kumi jioni, sasa inakaribia saa kumi na mbili. Huku magharibi jua huchelewa kuzama kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo mwanga bado upo na huna sababu ya kuwaharakisha.

Hatua ya 1: Andika dakika za mabao kabla hujafungua mdomo

Kipenga kikilia, wasalimie wapinzani na waamuzi, kisha jitenge kwa dakika tano ukiwa na karatasi na kalamu. Meneja awape vijana maji na awakusanye mahali pamoja, mbali na mashabiki. Wewe andika dakika za mabao kwa mpangilio, na pembeni ya kila moja maneno mawili matatu tu: kona, krosi, mpira ulipotea katikati.

Karatasi hiyo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kukupoza. Mwalimu anayeanza kusema akiwa bado anahema atataja jina la mtu, na jina likishatajwa mbele ya wenzake halirudi. Ya pili ni kukuonyesha umbo la kipigo. Ukiangalia mfano wetu, timu haikuzidiwa dakika zote tisini. Mabao matatu kati ya sita yameingia ndani ya dakika saba, kuanzia ya 51 hadi ya 58.

Vipigo vikubwa vingi viko hivyo. Brazil walipofungwa 7-1 na Ujerumani mjini Belo Horizonte tarehe 8 Julai 2014, bao la pili hadi la tano yaliingia dakika ya 23, 24, 26 na 29. Wale walikuwa wachezaji wakubwa kabisa, wako kwao, na bado yalimiminika. Timu ikifungwa bao linaloiumiza, kila mchezaji anataka kulirudisha mwenyewe na kwa haraka. Mabeki wa pembeni wanapanda wote wawili, kiungo mkabaji anaacha nafasi yake, na bao linalofuata linapita hapo hapo palipoachwa wazi. Ukilijua hilo, hotuba yako inapata kitu cha kusema zaidi ya "hamkujituma".

Hatua ya 2: Zuia wageni

Hili ni dogo lakini linaharibu siku. Yupo mzee aliyechangia mafuta ya gari, au kiongozi wa mtaa, ambaye atataka kuingia na kusema na vijana akiwa amekasirika. Usigombane naye. Meneja amwambie, "Mzee wetu, shikamoo. Tunaomba dakika kumi na vijana, halafu utawasalimia kabla hawajapanda gari." Wengi hukubali wakiombwa hivyo. Ni vizuri zaidi kama mmekubaliana hivyo kabla ya mechi, kwa sababu kumzuia mfadhili baada ya sita bila huonekana kama kuficha jambo.

Hatua ya 3: Hotuba yenyewe, isizidi dakika tatu

Wakalishe chini na wewe uchuchumae au ukae, macho yenu yalingane. Wasubiri wamalize kunywa maji. Kisha sema mambo manne kwa mpangilio huu: matokeo, maumivu, ukweli mmoja wa mchezo, na kitu cha kufanya usiku huu. Kwa mfano wetu inakuwa hivi:

"Tumefungwa sita bila. Hayo ndiyo matokeo, na yataandikwa hivyo hivyo. Inauma, na mimi inaniuma. Anayetaka kukaa kimya akae, anayetaka kulia alie. Hapa hatuchekani.

"Hadi dakika ya hamsini tulikuwa nyuma mbili bila, na mechi ya namna hiyo bado inachezeka. Baada ya hapo tumefungwa matatu ndani ya dakika saba. Lilipoingia la tatu, wote tulipanda kulirudisha, nyuma tukaacha uwanja mtupu. Hilo ni la timu nzima. Hata benchi tulichelewa kufanya mabadiliko.

"Leo hatuulizani bao lilikuwa la nani. Jumanne saa kumi jioni tutakaa tuyaangalie moja moja. Usiku huu kuna mambo mawili. Hakuna anayejibu kitu kwenye magrupu ya simu, hata akitukanwa. Na tunakula wote hapa, tunarudi wote na gari moja. Nahodha, hesabu watu. Nendeni mkanawe."

Isome kwa sauti nyumbani uipime. Ukipumua mahali pa kupumua, inachukua dakika moja na nusu hivi. Dakika tatu ni kwa mtu anayesema taratibu sana. Ikizidi hapo, utawaona wanaanza kung'oa nyasi na kufungua kamba za viatu. Ukiona hivyo, hata kama hujamaliza, ruka hadi kwenye jambo la usiku huu na ufunge.

Sentensi ya kwanza lazima iwe na idadi ya mabao. Mwalimu akizunguka na kusema "matokeo hayakuwa mazuri", kijana anaelewa kwamba hata mkubwa anaona aibu kulitaja, na aibu yake inakua. Tofauti kati ya "inauma" na "mmeniaibisha" nayo ni kubwa. La kwanza linawaruhusu kuumia kwa ajili ya mechi. La pili linawabebesha na hisia zako, na mzigo huo hauwasaidii kwa lolote.

Kwenye ukweli wa mchezo, chagua mmoja tu. Kishawishi cha kueleza kona ya dakika ya 18 na ile krosi ya 44 ni kikubwa, hasa ukiwa na karatasi mkononi. Ijaze karatasi, uikunje, uiweke mfukoni. Kijana aliyetoka kufungwa sita anasikia sauti yako kuliko maneno yako, na ukimpa makosa matano ataondoka na moja tu, lile linalomhusu yeye.

Kauli ya benchi iseme kosa mahususi mlilolifanya kweli. "Lawama zote nibebesheni mimi" inasikika vizuri lakini hakuna anayeiamini, na wengine huichukua kama ruhusa ya kutojitazama. Kama benchi halikukosea popote, iache sentensi hiyo.

Kuna maneno ya kuepuka kabisa. Usimlaumu mwamuzi, hata kama bao moja lilikuwa la kuotea wazi: matano yanabaki, na Jumanne hutakuwa na cha kufanyia mazoezi. Usiahidi kwamba mechi ya marudiano mtawalipa. Usiseme wapo watakaoachwa, kwani kuanzia hapo kila mmoja anatafuta wa kumtupia. Na usimalize kwa kuuliza, "Nani ana la kusema?" Swali hilo lina nia njema, ila saa hiyo anayenyoosha mkono kwanza ndiye mwenye hasira kuliko wote, na atakachosema kitaanzia kwa kipa.

Hatua ya 4: Watu wawili wa kufuatwa pembeni

Wakati wengine wananawa, mfuate kipa. Kabla hujamfikia, hesabu kwenye karatasi ni mabao mangapi aliweza kuyazuia. Tuseme ni moja, lile la dakika ya 44, krosi iliyomponyoka mikononi. Usimwambie "si kosa lako", maana anajua ni lake, na ukimdanganya kwenye moja hatakuamini kwenye mengine. Mwambie, "La pili ni lako, unalijua. Matano yale hata angesimama nani, yangeingia. Jumanne njoo nusu saa mapema tushughulikie krosi." Inatosha. Usimkumbatie kwa muda mrefu mbele za watu, atahisi anazikwa.

Mtu wa pili humjui mpaka uangalie. Anaweza kuwa yule anayecheka kwa sauti kupita kawaida, au aliyevua viatu haraka na kukaa peke yake akitazama simu, au anayesema hali chakula. Aliye kimya na anakula na wenzake, mwache. Anayekataa kula na kujitenga, mkalishe siti ya karibu na yako. Barabara ya Kasulu hadi Kigoma inakupa muda wa kutosha, na si lazima mzungumzie mpira.

Ndani ya gari muziki upigwe ukitakiwa, kwa sauti ya kawaida. Marufuku ya muziki hugeuza gari kuwa adhabu. Kinachokatazwa ni kurudia video ya mabao kwa sauti, na hilo alisimamie nahodha.

Hatua ya 5: Jumanne, hotuba inageuka mazoezi

Siku hiyo rudi kwenye zile dakika saba. Waulize, usiwaambie: "La tatu lilipoingia, wewe ulikuwa unafikiria nini?" Sasa swali linafaa kwa sababu wamelala siku mbili. Maliza ndani ya dakika 15, kisha ingia uwanjani.

Gawa watu nane kwa nane kwenye nusu ya uwanja. Mchezo ukiendelea, piga filimbi bila kutoa taarifa na utangaze, "Bao! Mmefungwa." Timu iliyofungwa ina sekunde 20. Nahodha anakwenda kuchukua mpira wavuni kwa kutembea. Beki wa kati anaita mabeki wenzake na kiungo mkabaji, wanakubaliana nani habanduki nyuma. Kisha wanaanza mpira kati kwa kuurudisha nyuma, jambo ambalo sheria inaruhusu tangu 2016, na wanapiga pasi tano fupi kabla ya yeyote kuruhusiwa kupiga mpira mrefu. Wakipoteza mpira kabla ya pasi ya tano, wapinzani wanapewa bao la pili. Rudia mara sita au saba.

Zingatia hizo sekunde 20. Zikizidi sana kwenye mechi, mwamuzi ana haki ya kutoa kadi ya njano kwa kuchelewesha mchezo. Lengo ni kupanga watu wanne kichwani, si kupoteza muda.

Utajua limeingia pale ambapo beki wa kati ataanza kuita wenzake bila wewe kupaza sauti. Kama bado unapiga kelele kutoka pembeni mara ya saba, zoezi hilo lirudie Alhamisi kwa dakika kumi kabla ya kufanya jingine.

Alhamisi hiyo hiyo mtaje kipa wa mechi ijayo. Ukimbadilisha, mwambie yeye kwanza, ana kwa ana, na sababu iwe ya mazoezi ya wiki hii. Akilisikia kwenye orodha ya Jumamosi asubuhi, atajua umemhukumu kwa Kasulu, na wenzake watajua pia.