Kufunga kibao cha kidevu na egemeo la bega kwenye fidla: anza juu, malizia chini

Mpiga fidla akilalamika kwamba shingo inamuuma, ushauri wa haraka anaopewa ni kuinua egemeo la bega. Analiinua, siku mbili anajisikia nafuu, kisha maumivu yanarudi na sasa hata mkono wa upinde umechoka. Somo hili linafuata njia nyingine. Nafasi iliyopo kati ya fidla na taya hujazwa kwa juu, kwa kibao cha kidevu. Egemeo la bega hufungwa mwisho, na hubaki chini kadiri linavyoweza.

Sababu yake ni hii. Fidla hulala juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka chini ya koo kwenda begani. Ukiinua egemeo, fidla nzima inapanda na kuuacha mtulinga. Mkono wa kulia nao hulazimika kupanda ili upinde ufikie uzi wa G, na bega la kulia hukaza. Ukiinua kibao cha kidevu, fidla haisogei hata kidogo, ila taya ndiyo inayopata mahali pa kutulia. Kwa hiyo sentimita mbili za juu na sentimita mbili za chini si kitu kimoja kwa mwili wako.

Hatua ya kwanza: pima

Ondoa kibao cha kidevu na egemeo. Tandika leso nyembamba juu ya mtulinga, weka fidla juu yake, na uishike kwa mkono wa kushoto ubavuni. Simama wima, mabega yameshuka, macho yanatazama mbele kama unayezungumza na mtu wa kimo chako. Usiinamishe kichwa kuifuata fidla. Mwenzako achukue rula apime kutoka ubao wa juu wa fidla hadi chini ya mfupa wa taya la kushoto, karibu na kidevu. Hapo ndipo taya litakapokaa. Ncha ya kidevu haina kazi hapa.

Toa kiasi cha sentimita moja hadi moja na nusu kwenye kipimo hicho. Nafasi hiyo ni ya uhai: kichwa kinatakiwa kushuka kidogo kwa uzito wake, na kiweze kuinuka wakati wowote. Kibao kinachojaza nafasi yote hukubana kooni na kukunyima pumzi.

Nichukue mfano wa mwanafunzi wangu mmoja, mtu mzima mwenye shingo ndefu. Kipimo chake kilikuwa sentimita 6. Tukitoa moja na nusu, alihitaji kibao chenye kimo cha sentimita 4.5 kwenye ukingo. Alichokuwa nacho, kilichokuja na fidla dukani, kilikuwa na sentimita 2.5. Pengo la sentimita 2 alikuwa akiliziba kwa njia tatu kwa pamoja: egemeo limefunguliwa hadi mwisho wa skrubu, bega la kushoto limepandishwa, na kichwa kimelazwa upande. Kila alipotoka pozisheni ya tatu kurudi ya kwanza, fidla ilivutwa na mkono, naye akaikamata kwa kukaza taya.

Hatua ya pili: chagua umbo na mahali

Simama tena bila kitu, geuza kichwa kushoto kidogo tu, kisha kiache kishuke. Tazama kwenye kioo taya limeangukia wapi. Kwa wengine linaangukia kushoto kwa mkia, yaani kile kipande kinachoshika nyuzi upande wa chini. Hao watafaa na kibao cha pembeni. Kwa wengine linaangukia karibu kabisa na mkia au juu yake, na hao wanahitaji kibao cha katikati, kama aina ya Flesch, au cha aina ya Guarneri ambacho hufungwa juu ya mkia lakini kikombe chake kimeelekea kushoto. Louis Spohr, Mjerumani anayetajwa kuwa ndiye aliyekibuni kifaa hiki mnamo 1820, alikiweka katikati. Mimi hupendelea vya aina hiyo pale mwili unaporuhusu, kwa sababu vyuma vyake hubana karibu na gogo la ndani la mwisho, mahali ambapo fidla ni imara. Cha pembeni hubana sehemu nyembamba zaidi.

Usitishwe na majina ya aina hizo. Gusa ukingo wa kikombe kwa kidole: uwe wa mviringo, usio na kona kali, na ulipokee taya kama kulabu fupi. Kikombe chenye shimo refu na ukingo mkali kinalifunga taya mahali pamoja.

Hatua ya tatu: funga kibao

Laza fidla juu ya taulo nene, uso juu. Hakikisha kibao kina vipande vya kizibo, lile gome laini la vizibo vya chupa, kila kinapogusa mbao, juu na chini. Mti au chuma kitupu kisiguse vanishi.

Vyuma viwili vya kubana vina matundu madogo ubavuni, na huzungushwa kwa ufunguo mwembamba uliopindwa. Hapa ndipo fidla nyingi huchubuliwa. Ingiza ncha ya ufunguo kwenye tundu kidogo tu, milimita chache, maana ikitokeza upande wa pili itachora ubavu wa fidla. Weka kadi laini kati ya chuma na ubavu kama kinga. Zungusha robo mzunguko chuma kimoja, kisha robo kingine, ili kibao kishuke sawasawa. Ukiona mwanya unapanuka badala ya kufunga, geuza upande.

Acha kukaza mara kibao kinapoacha kuteleza unapokisukuma kwa kidole gumba. Kukaza zaidi ya hapo kunaweza kupasua ukingo. Kizibo kipya hukandamizika, hivyo rudia kuangalia baada ya siku chache.

Sasa bonyeza kikombe kwa mkono kwa uzito wa kichwa, na upitishe kipande cha kadi kati ya kibao na mkia. Kadi ipite bila kukwama. Vikigusana, utasikia mvumo.

Kwa mwanafunzi yule hatukupata kibao cha sentimita 4.5. Tulipata cha 3.5, tukaongeza kizibo cha sentimita moja chini yake, kimekatwa kufuata umbo la mguu wa kibao na kugandishwa kwenye kibao, kamwe si kwenye fidla. Ukifanya hivyo angalia skrubu: nyuzi zake bado ziwe zimeingia mizunguko kadhaa ndani ya chuma pande zote mbili. Zikiwa zimeshika kwa ncha tu, tafuta vyuma virefu zaidi.

Hatua ya nne: egemeo la bega

Liweke kwenye kimo chake cha chini kabisa. Upande mpana hukaa juu ya bega la kushoto, upande mwembamba kifuani. Miguu ishike ukingo wa fidla bila kuubana. Ukilazimika kusukuma kwa nguvu, panua nafasi ya miguu.

Weka fidla kama kawaida. Swali la kujiuliza ni moja: je, bado naisikia fidla kwenye mtulinga? Ikiwa umeipoteza, egemeo liko juu mno. Ikiwa fidla inateleza, ongeza mzunguko mmoja wa skrubu, jaribu, kisha mwingine. Egemeo linaziba uwazi wa chini na kuzuia utelezi. Halina kazi ya kuibeba fidla juu.

Kimo cha kila mguu ndicho kinachoamua mwinamo. Ukiinua upande wa bega, fidla huinama zaidi kulia na uzi wa G husogea karibu na upinde. Ukiinua upande wa kifua, fidla hulala bapa na mkono wa kulia hupanda kuufikia G. Piga taratibu nyuzi G na E kwa kupokezana mbele ya kioo, na uchague mwinamo ambao kiwiko hakipandi juu ya bega kwa G wala hakigongi mbavu kwa E.

Hatua ya tano: jaribu kwa kushuka

Piga skeli ukipanda hadi pozisheni ya tatu, kisha shuka polepole. Wakati wa kushuka, itikia kwa kichwa kama anayesema ndiyo. Fidla ibaki mahali pake, ikishikwa kwa pamoja na mtulinga, uzito wa kichwa na mkono wa kushoto. Bega likipanda kuelekea sikio, kibao bado kifupi. Kichwa kikisukumwa nyuma, kibao kirefu mno. Badilisha kitu kimoja tu kwa siku, la sivyo hutajua kilichosaidia.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Napiga fidla kwenye kikundi cha taarab hapa Unguja. Nyumbani nikisimama niko sawa, lakini tukikaa kwenye viti usiku kucha bega linaniuma. Nibadilishe egemeo?*

Marahaba. Usibadilishe kwanza. Mtu akikaa na kuegemea kiti, mgongo hupinda, kifua hurudi ndani na mtulinga huinama. Kichwa cha fidla kinashuka, nawe unakiinua kwa bega. Kaa nusu ya mbele ya kiti, nyayo zote chini, kisha upime upya ukiwa umekaa hivyo. Ikiwa kazi yako kubwa ni ya kukaa, kipimo cha kukaa ndicho cha kufuata. Kwenye muziki wa kusubiri mwimbaji, teremsha fidla mapajani kila pafaapo.

*Nimefunga kibao kipya, sasa uzi wa D unatoa mvumo kama wa nyuki. Ni fidla imepasuka?*

Huenda ni kibao chenyewe. Piga D, mwenzako abonyeze kibao kwa kidole. Mvumo ukikoma, kaza robo mzunguko. Usipokoma, angalia kama kibao kinagusa mkia au kama chuma kimoja kimelegea. Ondoa kibao kabisa upige tena: mvumo ukiwepo bado, mpelekee fundi, maana chanzo kiko kwingine.

*Mwanangu ana miaka tisa, anatumia fidla ya nusu. Egemeo la saizi yake sijalipata huku Tanga.*

Sponji ya godoro inatosha, dada. Kata kipande cha unene wa sentimita 2 au 3, chembamba upande wa kifua, ukishike kwa raba mbili chini ya fidla. Kibao chake usikipandishe kwa kukisia, mpime kama mtu mzima. Rudia kila miezi michache, kwa kuwa shingo inakua. Akimaliza kupiga, toa sponji na raba, maana kwenye joto la pwani raba huacha alama kwenye vanishi.

*Mwalimu, chini ya taya pananiwasha na ngozi imekuwa nyekundu, pale hasa panapogusa vyuma.*

Kama alama inafuata umbo la chuma, inawezekana ngozi yako haipatani na nikeli, ambayo iko kwenye vyuma vingi vya kibao. Funika kibao na vyuma kwa leso safi ya pamba na uifue mara kwa mara, au badilisha vyuma uweke vya titani. Ngozi ikitoa maji au isipopoa ndani ya wiki mbili, mwone daktari wa ngozi. Lakini kama wekundu uko chini ya kikombe na si kwenye chuma, unabana taya. Rudi hatua ya kwanza, pima tena.