Somo: Kuandika uhakiki wa tamthiliya kwa gazeti la chuo

Uhakiki wangu wa kwanza katika gazeti la chuo, hapa Moshi, ulimwonea mtu. Wanafunzi walikuwa wameigiza *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, nami nikamshutumu mwongozaji kwamba amepotosha historia. Jukwaani Kinjeketile yuko gerezani baada ya vita kushindwa, ilhali Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa Agosti 1905, Majimaji ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mwongozaji alinifuata na kitabu mkononi. Uamuzi ule ulikuwa wa mwandishi, umo kitabuni tangu 1969, na mwenyewe alishaeleza kwamba mhusika wake ni wa kubuni.

Ndiyo maana somo hili linaanzia hapo. Haki katika uhakiki haipatikani kwa kugawa sifa nusu na lawama nusu. Inapatikana kwa kujua nani alifanya nini.

Hatua ya 1: Soma tamthiliya kabla ya onyesho. Kama haijachapishwa, mwombe mwongozaji muswada.

Hatua ya 2: Gawa ukurasa wa daftari mara tatu: mwandishi, mwongozaji, waigizaji. Ukumbini andika unachokiona na kukisikia tu, hukumu ziache kwanza. Usiku uleule kaa uyapange uliyoyaandika, kwa sababu kesho yake utakumbuka kwamba ulifurahi lakini hutakumbuka ulifurahishwa na nini.

Hatua ya 3: Panga aya. Tuseme umepewa maneno 450. Anza na tukio moja la jukwaani pamoja na msimamo wako, maneno kama 70. Usiufiche msimamo hadi mwisho, maana nafasi ikibana mhariri hukata kuanzia chini. Kisha kisa kwa ufupi, kisizidi maneno 100. Hapa ndipo wengi wanapopotea, wanasimulia hadithi nzima na uhakiki unabaki sentensi mbili. Maneno yanayobaki ni ya hoja mbili au tatu, na la mwisho ni kumwambia msomaji onyesho linamfaa nani.

Hatua ya 4: Kila hoja iwe na tukio, athari na sababu. Rasimu niliyoletewa juzi, ya onyesho jingine la tamthiliya hiyohiyo, ilisema: "Waigizaji walijitahidi, ila afisa wa Kijerumani hakufanya vizuri." Neno "walijitahidi" lifute popote ulionapo, halimwambii mtu chochote. Nilimuuliza mwandishi wake: afisa alifanya nini? Akasema alitembea kama bata na ukumbi ukacheka. Basi tukaandika upya:

"Pepo Hongo anapompanda Kinjeketile, waigizaji wanaosimama kuwa mto wanatikisa kitambaa cha buluu bila sauti, na ukumbi mzima unanyamaza. Lakini mwongozaji amemfanya afisa kuwa kichekesho. Gerezani, Kinjeketile anapokataa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, bado tunacheka, na kukataa kule kunakosa uzito kwa sababu hatumwogopi anayemlazimisha."

Sifa na lawama zote zina ushahidi. Tena lawama imeenda kwa mwongozaji, kwa kuwa mwigizaji alifanya alichoelekezwa, na alikifanya vizuri.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Pasua:* Shikamoo mwalimu. Mvua ilipiga bati la ukumbi, nusu ya mazungumzo hatukuyasikia. Niandike?

Marahaba. Andika, ila tenganisha. Mvua si kosa la mtu. Kama wengine walipaza sauti wakasikika na mmoja aliendelea kunong'ona, hilo ni la uigizaji. Ukiweza, rudi usiku wa pili.

*Kutoka Majengo:* Mwigizaji mkuu ninakaa naye chumba kimoja. Nifanyeje?

Mwambie mhariri leo, ampe mwingine kazi hiyo. Kama hakuna mwingine, uhusiano huo utajwe chini ya makala kwa sentensi moja. Usijaribu kuusawazisha kwa kumkosoa zaidi rafiki yako. Huko nako ni kumwonea.

*Kutoka Kiborloni:* Mwalimu, je, nitaje mwisho wa tamthiliya? Kitabu si watu wanakijua?

Kwa *Kinjeketile* nimeutaja mwenyewe hapo juu, kwa sababu kushindwa kwa vita kunajulikana na hoja yangu isingesimama bila gereza. Kwa tamthiliya mpya iliyoandikwa na wanafunzi wenzako, ishia katikati. Kama udhaifu uko mwishoni, sema tatizo linasuluhishwa haraka mno bila kueleza linasuluhishwaje. Aliyeona atakuelewa, na ambaye hajaona hatakuwa ameharibiwa Jumamosi yake.