Somo: Insha ileile, alama 64 kwa mwongozo mmoja na 56 kwa mwingine

Walimu wawili wanaweza kukubaliana kabisa kuhusu ubora wa maudhui, mpangilio na lugha ya insha moja, kisha wakatoa alama mbili za mwisho zilizo mbali. Katika somo hili tutafuata insha ya hoja kuhusu ukataji wa miti, iliyoandikwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu, ili kuona tofauti hiyo inazaliwa wapi.

Hatua ya kwanza ni kutoa alama kwa kila kigezo peke yake, vyote kwa kipimo kimoja cha 0 hadi 10, kabla ya kugusa uzito wowote. Insha yetu ina hoja nzito zenye mifano, lakini tahajia na upatanisho wa kisarufi ni dhaifu. Tumeipa maudhui 8, mpangilio 6, sarufi na tahajia 4.

Hatua ya pili ni kugawa uzito, ambao jumla yake ni 100. Tuseme mwongozo wa kwanza unayapa maudhui 50, mpangilio 20 na sarufi 30. Kila alama huzidishwa kwa uzito wake, matokeo hujumlishwa, kisha jumla hugawanywa kwa 10: 400 + 120 + 120 ni 640, yaani alama 64. Mwenye lahajedwali aandike uzito katika safu mlalo ya 1 na alama za mwanafunzi katika ya 2:

```
=SUMPRODUCT(B2:D2,$B$1:$D$1)/10
```

Hatua ya tatu ni kuhamisha uzito bila kugusa alama hata moja. Maudhui yashuke hadi 30 na sarufi ipande hadi 50. Sasa tunapata 240 + 120 + 200, yaani 56. Alama 8 zimepotea, na wala hatuhitaji kurudia hesabu yote ili kujua sababu: zidisha uzito uliohama, ambao ni 20, kwa tofauti ya alama za vigezo hivyo viwili, ambayo ni 4, kisha gawanya kwa 10. Kwa hiyo mwanafunzi aliyepata 6 kila mahali atabaki na 60 hata ukigawa uzito upendavyo, ilhali yule mwenye vilele na mabonde ndiye anayeyumbishwa.

Hatua ya nne, ambayo wengi huiruka, ni kuweka insha ya pili kando ya ile ya kwanza. Insha hii ina maudhui 5, mpangilio 6 na sarufi 8. Kwa mwongozo wa kwanza inapata 61, nyuma ya 64. Kwa mwongozo wa pili inapata 67, mbele ya 56. Nafasi zimegeuka, na hazikungoja uzito wote wa 20 uhame. Ukihamisha 5 tu, yaani maudhui 45 na sarufi 35, ya kwanza ina 62 na ya pili 62.5. Katika madaraja ya kidato cha nne Tanzania, ambako B huanzia 65, insha ya pili inavuka kutoka C hadi B kwa mwongozo wa pili bila mwandishi wake kusahihisha hata nukta.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, je, si salama zaidi kuvipa vigezo vyote uzito sawa ili kuepuka upendeleo?*

Uzito sawa nao ni uamuzi. Kwa insha zetu mbili unatoa 60 na takriban 63.3, kwa hiyo insha ya pili inashinda. Ukiutumia, umekwisha kusema kwamba mpangilio una thamani sawa na maudhui, jambo ambalo mimi binafsi nisingelitetea katika insha ya hoja.

*Sisi hatuna uzito. Tunatoa maudhui kwa 20, mpangilio kwa 10 na sarufi kwa 10, kisha tunajumlisha. Je, hesabu hii inatuhusu?*

Inawahusu. Jumla yenu ni 40, kwa hiyo maudhui yana uzito wa 50 kwa mia, na vigezo vingine 25 kila kimoja. Uzito wenu umefichwa katika alama za juu za kila kigezo.

*Ndugu mwandishi, tumekubaliana uzito uleule shuleni, lakini bado insha zenye tahajia mbaya zinaanguka kuliko tulivyotarajia. Kwa nini?*

Huenda kosa moja linaadhibiwa mara mbili. Msahihishaji aliyechoshwa na tahajia akiyapa maudhui 6 badala ya 8, insha yetu inashuka kutoka 64 hadi 54 ingawa mwongozo unasema sarufi ni 30 tu. Chukueni insha chache, mtu mwingine azinakili upya kwa tahajia sahihi bila kubadili hoja, kisha mwalimu ambaye hajaziona atoe alama za maudhui pekee. Zikipanda kwa insha nyingi, basi sarufi ilikuwa ikila uzito wa maudhui, na dawa yake ni kusoma rundo zima kwa ajili ya maudhui kwanza, kabla ya kushika kalamu nyekundu.