Mtungi wa lita 20 kuwa chupa za robo lita: gramu zinapotelea wapi

Anayefunga mafuta ya salad kwa robo lita hudhani hasara yake iko sakafuni, kwenye yale yaliyomwagika. Mara nyingi imo ndani ya chupa alizokwisha kuuza. Ili uione, chukua mtungi mmoja tu, uupime mwanzo hadi mwisho, na kila namba iingie daftarini.

1. Tuliza mafuta kwanza

Mtungi uliotoka soko la Kongowea juu ya mkokoteni saa saba mchana umepata moto, na mafuta yametanuka. Ukijaza chupa hadi kwenye mstari mafuta yakiwa na nyuzi 40, usiku yakipoa yatashuka kama mililita 2, na mteja atasema umempunja. Uweke kivulini hadi kesho yake asubuhi.

Chupa na vifuniko viwe vikavu kabisa. Tone la maji hutia mafuta ukungu, na mpishi wa viazi karai atayasikia yakiruka yakipata moto.

2. Pima uzito, si ujazo

Kwa joto la kawaida la Mombasa, nyuzi 28 hadi 30, lita moja ya mafuta ya salad yaliyotokana na mawese ina kama gramu 905. Hakikisha mwenyewe kwa kipimo cha lita chenye muhuri, na soma vizuri kama mtungi umeandikwa lita au kilo.

Tuseme mtungi uliojaa una kilo 19.1, na mwenzake mtupu, uliooshwa ukakauka, una kilo 1. Mafuta ni kilo 18.1, yaani lita 20. Robo lita ni gramu 226, kwa hiyo kwenye karatasi unapata chupa 80.

3. Jaza juu ya mizani

Weka chupa tupu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mimina. Fanya hivyo kwa kila chupa, kwa sababu chupa za mfuko mmoja hazilingani uzito wala unene. Ndiyo maana kujaza kwa macho hadi shingoni hakufai.

Ikifika 220, punguza mkono uwe uzi mwembamba, kwani yaliyobaki kwenye faneli bado yanashuka. Simama kwenye 227. Usilenge chini ya 226: kipimo pungufu ni kosa la kisheria, na mizani ya biashara lazima ikaguliwe na kupigwa muhuri na watu wa vipimo. Ukitaka kuweka lebo yako mwenyewe, fuata kwanza kibali cha KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Mtungi ukiisha, uinamishe juu ya faneli kwa saa mbili. Halafu upime: uzito unaozidi ule wa mtungi mkavu ndio mafuta yaliyogandamana ndani.

4. Funga hesabu ya gramu

Tuseme umepata chupa 78, na zilizopimwa tena zimezidi gramu 3 kila moja kwa wastani:

- Mafuta halali ya chupa 78: gramu 17,628
- Ziada ndani ya chupa: 234
- Yaliyobaki mtungini: 60
- Faneli, meza na kumwagika: 40
- Salio linalosubiri mtungi ujao: 138

Jumla ni 18,100, sawasawa na ulichoanza nacho. Salio si hasara. Hasara ni gramu 334, karibu asilimia 1.8, na 234 kati yake umempa mteja bure bila hata yeye kujua.

5. Gharama ya chupa moja

Bei hizi ni za mfano, weka zako. Mtungi ni shilingi 4,800. Toa shilingi 37 za salio, gawanya kwa 78: mafuta yanagharimu 61.06 kwa chupa, wala si zile 60 za kwenye karatasi.

Chupa, kifuniko na lebo ni shilingi 11, lakini mbili ziliharibika, kwa hiyo seti 80 zinabebwa na 78: 11.28. Kazi ya shilingi 200 inaongeza 2.56. Nauli ya mkokoteni tuseme imelipwa na bei ya mtungi mtupu uliouuza, basi iache. Jumla ni 74.90.

Ukiuza kwa 85, faida ni 10.10. Zile gramu 3 za ziada ni senti 80, yaani kama asilimia 8 ya faida yako. Kitambaa cha kupangusa meza hakitakurudishia hizo.

Ziada ikipanda ghafla

Pima tena chupa moja kati ya kila kumi. Ukiona ziada imeruka kutoka gramu 1 hadi 4, usimlaumu anayejaza kabla hujaangalia mizani. Weka juu yake jiwe la mizani la gramu 200 na usome. Tazama kama miguu yake imekaa sawa, na kama mafuta yamechuruzika chini ya sahani. Kisha zima feni: upepo wake hugusa sahani, namba ikawa inacheza, na mtu huongeza tone baada ya tone akingoja itulie.