Kikomo cha maili, gari la kilomita: kuvuka kutoka Dublin kwenda Belfast

Ukikodi gari Dublin, dashibodi yake husoma kilomita kwa saa. Jamhuri ya Ireland iliacha maili kwenye vibao vya mwendo mwaka 2005, lakini Ireland Kaskazini, kama Uingereza, bado inatumia maili. Ukipita mpaka karibu na Newry hakuna kizuizi cha kukusimamisha, kwa hiyo hesabu iwe kichwani mapema.

1. Tambua kibao. Cha Jamhuri kimeandikwa km/h chini ya namba. Cha Kaskazini kina namba tupu ndani ya duara jekundu. Namba tupu ni maili.

2. Badilisha kwa kichwa. Maili moja ni kilomita 1.609, lakini usihangaike na desimali hizo barabarani. Chukua namba ya kibao, ongeza nusu yake, kisha ongeza sehemu yake ya kumi. Kibao cha 30: 30, na 15, na 3, jumla 48. Cha 40 ni 64, cha 50 ni 80, cha 60 ni 96, cha 70 ni 112.

Njia hii naipenda kuliko programu yoyote ya simu, kwa sababu kosa lake huangukia upande salama. Unazidisha kwa 1.6 badala ya 1.609, hivyo jibu huwa chini kidogo ya kikomo halisi: 70 ni karibu 112.7, nawe umepata 112. Ukikadiria, usipandishe kamwe. Anayeifanya 30 kuwa 50 tayari amevuka kikomo. Kipimamwendo nacho kwa kawaida huonyesha mwendo mkubwa kidogo kuliko ule halisi, lakini pengo hilo hutofautiana kati ya gari na gari, kwa hiyo usiliongeze kwenye hesabu.

Kosa baya zaidi ni kugeuza upande. Jipime hivi: namba ya kilomita lazima iwe kubwa kuliko ya maili. Kibao kikisema 60 nawe ukashikilia 60 kwenye dashibodi, unatembea kama maili 37, na malori yatakujia nyuma kwa kasi. Aliyekodi Belfast gari linalosoma maili ana hatari kubwa zaidi: akiona 100 km/h upande wa Jamhuri na kupeleka mshale hadi 100, anakimbia kilomita 161. Yeye azidishe kwa 0.6, apate 60.

3. Jifunze kibao kisicho na namba. Duara jeupe lenye mstari mmoja mweusi wa mshazari, ukiwa Kaskazini, ni kikomo cha kitaifa. Kwa gari dogo lisilovuta tela ni maili 60 kwenye barabara isiyotenganishwa katikati (96), na 70 kwenye iliyotenganishwa au mota-wei, yaani barabara kuu ya mwendo kasi (112).

4. Kama dashibodi ni ya kidijitali, tafuta kipimo kwenye menyu ya mipangilio kabla ya kuondoka maegeshoni, wala si ukiwa unaendesha. Ukibadilisha, tazama alama iliyo kando ya namba ya mwendo, mph au km/h, ndipo uwashe mfumo unaoshikilia mwendo bila kukanyaga mafuta. Ukirudi Jamhuri, rudisha kipimo kabla ya kuingia barabarani.