OD, OS, OU: kusoma cheti chako cha miwani

Ukipimwa macho na kupewa cheti, OD ni jicho la kulia, OS la kushoto, OU yote mawili. Ni vifupisho vya Kilatini. Vyeti vingine huandika RE na LE, au R na L. Kulia ni kwako wewe unayevaa miwani, si kwa anayekutazama.

Tuchukue mistari hii:

```
OD  -2.00  -0.75 x 180
OS  -1.50  DS
ADD +2.00 OU
```

Namba ya kwanza ni SPH, nguvu kuu ya lenzi. Alama ya kutoa ni ya asiyeona vizuri mbali. Ya pili ni CYL, inayosahihisha jicho ambalo mviringo wake haulingani pande zote, na 180 ni AXIS, yaani mwelekeo wa sahihisho hilo kwa nyuzi. Hizi mbili hutembea pamoja: ukikuta CYL bila AXIS, rudi kwa aliyekupima kabla lenzi haijakatwa. Jicho la kushoto halina CYL, ndiyo maana pameandikwa DS. Ukikuta PL mahali pa namba ya SPH, ni sifuri.

ADD ni nguvu inayoongezwa kwa kusomea. Kwa hiyo lenzi ya kusomea tu, jicho la kushoto, ni -1.50 na +2.00: inakuwa +0.50. Alama imegeuka kabisa, kwa hiyo usiinakili cheti kwa kukisia.

Angalia pia PD, umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Mara nyingi haiandikwi, iombe palepale.